Mshikamano wa Mchanga

Tangu utotoni walimwita Kipimo, kwa sababu alikuwa mtoto wa kupanga vikombe vya chai mezani na kuinama mpaka macho yake yalingane na ukingo, ahakikishe hakuna ndugu aliyepunjwa. Jina likamganda. Likamfuata shuleni, likamfuata chuoni, na alipoajiriwa kwenye maabara ya udongo hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jingine. Sasa alikuwa mhandisi wa maabara hiyo, mjane mwenye watoto wawili, na bado kuna siku alijikuta ameinama mbele ya chombo fulani, jicho moja limefumbwa, kama yule mtoto wa vikombe.

Alikuwa ameinama hivyo shemeji yake alipoingia bila kubisha hodi.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, watu walimwita Chuma. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia, na viatu vyake siku zote vilikuja na sehemu ya kazi anayoifanya. Siku hiyo vilikuja na mchanga.

"Za asubuhi, shemeji. Nimefuata ripoti yangu."

"Haijawa tayari. Kaa kwanza."

"Sina pa kukalia, nina vijana shimoni." Aliegemea meza. "Wewe andika tu ulichoniambia kwenye simu. Tisa."

Kipimo akakunja uso. Hiyo tisa ilikuwa imemkosesha raha tangu siku aliyoitamka. Chuma alikuwa amepewa kazi ya kujenga tangi la maji la chini ya ardhi, nyuma ya wodi ya wazazi ya hospitali moja ndogo. Shimo lenyewe lilikuwa na kina cha mita tatu, na upande mmoja lilipita karibu mno na ukuta wa wodi. Udongo wa pale ni mchanga mtupu, mchanga laini uliobanana kwelikweli. Chuma aliuleta maabara ukiwa na unyevu wake, kama ulivyotoka ardhini, na Kipimo akaupima vivyo hivyo. Kisha Chuma akapiga simu, akambembeleza ampe japo fununu ya majibu, naye akampa: pembe ya msuguano, inayopima punje zinavyokataa kuteleza, inakaribia digrii arubaini, na mshikamano, nguvu ya punje kugandana zenyewe, kilopaskali tisa. Akaongeza kwamba asiitumie bado, kwamba lazima aupime tena ukiwa umezama majini. Lakini mwenye njaa husikia neno chakula tu. Chuma alisikia tisa, akakata simu, akachimba.

"Nilikuambia usubiri nilowanishe mchanga," Kipimo alisema.

"Shemeji, ukuta umesimama wima kama umepigwa timazi. Umesimama siku zote hizi bila ubao hata mmoja. Njoo uuone kwa macho yako. Mchanga usio na mshikamano unasimamaje?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Kipimo hakulidharau. Alivuta kipande cha karatasi.

"Nikupe hesabu yako mwenyewe. Kina ambacho ukuta wa wima unaweza kujisimamia ni mara nne ya mshikamano, ugawe kwa uzito wa mchanga, halafu uzidishe kwa tanjenti ya digrii arubaini na tano jumlisha nusu ya pembe ya msuguano. Mchanga wako una uzito wa kilonyutoni kumi na nane kwa mita ya ujazo. Nne mara tisa ni thelathini na sita, gawa kwa kumi na nane, mbili. Nusu ya arubaini ni ishirini, kwa hiyo tanjenti ya sitini na tano, mbili nukta moja na kidogo. Jumla mita nne na ziada."

Chuma akatabasamu. "Na mimi nina tatu."

"Na hapo sijaweka ufa unaoweza kutokea juu, wala uzito wa wodi. Lakini sikia. Ile tisa ukiigeuza sifuri, nne mara sifuri ni ngapi?"

Tabasamu likapungua kidogo.

"Sifuri," Kipimo alijibu mwenyewe. "Si mita mbili, si mita moja. Hesabu yote inaning'inia kwenye tisa hiyo, nami sijui kama ni ya mchanga au ya kuazima."

Chuma alitazama saa yake, akapangusa mchanga mezani kwa kiganja. "Sawa. Lowanisha. Lakini kesho asubuhi nitakuwa hapa, na nitapima na wewe. Sitaki kuambiwa mambo ya chuoni, nataka kuona."

"Watoe watu shimoni mpaka kesho."

"Wanafunga nondo za sakafu. Wakimaliza, zege linamwagwa, na mambo ya kuta yanakwisha yenyewe."

Akaondoka. Kipimo alikwenda kumweleza mkuu wa maabara, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu na ambaye hakupenda kelele. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mwandikie barua ya kumwonya," alisema. "Kusimamisha kazi si mamlaka yetu. Na ile simu, mama, siku nyingine usirudie."

Aliandika barua. Alimwita tarishi, akamwona akitoka nayo, na bado mikono yake ilibaki mitupu, kama mtu aliyeagizwa kitu akakisahau njiani.

Nyumba aliyokaa Kipimo ilikuwa ya wakwe zake. Mumewe alipofariki, watu walitarajia arudi kwao na watoto, lakini mama mkwe alisema wajukuu wake hawaendi popote, na Chuma akasimama nyuma ya neno hilo. Chuma ndiye aliyewapeleka watoto shule mama yao alipokuwa hawezi kuinuka kitandani kwa huzuni. Ndiye aliyemfundisha binti wa Kipimo kuendesha baiskeli. Mtu akikushika mkono ukiwa umeanguka, huwezi kumtazama siku zote kwa jicho la mizani.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nasikia unamzuilia mdogo wako kazi."

"Simzuilii, mama. Naupima mchanga wake vizuri."

"Kwani ulipoupima mara ya kwanza uliupima vibaya?"

"Niliupima ukiwa na unyevu. Ukilowa kabisa unaweza kubadilika."

Mama mkwe alitupa mabua kando. "Mimi sikusoma. Ila najua kwamba kazi hii ndiyo ya kwanza kubwa mwanangu kupata peke yake, bila kuwa chini ya mtu. Damu ni nzito kuliko maji, mama."

Kipimo alikaa naye, akasaidia kuchambua, na wote wawili hawakulirudia neno hilo. Lakini kauli ile ilikwenda naye chumbani.

Asubuhi Chuma alikuja kama alivyoahidi, amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi. Kipimo alikuwa ameshaukausha mchanga kwenye tanuri na kuupima uzito. Alimpa kijiko, akamwambia amimine mwenyewe.

Chombo chenyewe hakikuwa cha kutisha. Ni kisanduku cha shaba kilichokatwa vipande viwili, cha juu na cha chini, chenye upana wa sentimita sita kwa sita, kikikaa ndani ya beseni. Chuma alitia gramu mia moja ishirini na sita, akazishindilia tabaka kwa tabaka kwa kigogo kidogo hadi zikashuka kufikia unene wa sentimita mbili.

"Kwa nini kiasi hiki hasa?"

"Ndicho kinachotupa mbano uleule wa shimoni kwako. Tukiuacha umelegea, tutakuwa tunapima mchanga wa mtu mwingine."

Kipimo akajaza beseni maji, akasubiri hadi mapovu yalipokwisha. Akaweka kifuniko, akaning'iniza mawe ya mizani kwenye mkono wa chombo ili juu ya mchanga pakae nguvu ya nyutoni mia moja na themanini. "Eneo la kisanduku ni mita za mraba sifuri nukta sifuri sifuri tatu sita. Gawa."

Chuma aligawa kwenye simu yake. "Elfu hamsini."

"Paskali. Yaani kilopaskali hamsini. Huo ndio mkazo wa kubana. Sasa chomoa hizi pini mbili zinazofunga nusu ya juu na ya chini. Injini itasukuma nusu ya chini taratibu, nusu ya juu itazuiwa na hii pete inayopima nguvu, na mchanga utakatika katikati. Wewe soma saa ya pete. Mimi nitasoma hii ya juu ya kifuniko."

Akawasha. Injini ikalia kwa sauti nyembamba. Mshale wa saa ya Chuma ukaanza kupanda, naye akasoma kwa sauti, kwanza kwa dharau kidogo, kisha kwa umakini, maana ni vigumu kudharau kitu unachokisoma mwenyewe.

"Inapanda. Bado inapanda. Shemeji, hii yako mbona inasogea? Kifuniko kinainuka?"

"Kilishuka unywele mmoja, sasa kinapanda. Punje zimebanana, hazina pa kupitia. Ili zisogee lazima ziparamie migongo ya wenzao, na zikiparamia zinainua mzigo wote. Ndiyo maana mchanga uliobanana ni mkaidi. Tazama saa yako."

"Imesimama. Inarudi."

"Ilifika wapi?"

Alisoma, Kipimo akageuza kwa jedwali la pete: nyutoni mia moja hamsini. Waliacha injini iendelee. Mshale ukashuka polepole hadi ukatulia na kukataa kushuka zaidi. Nyutoni mia moja kumi na saba.

"Hapo umepata namba mbili," Kipimo alisema. "Kilele, na kinachobaki baada ya mchanga kuteleza na kulegea."

Wakamwaga, wakaandaa mchanga mwingine kwa kipimo kilekile, wakaweka mzigo mara mbili: kilopaskali mia moja. Kilele nyutoni mia tatu na tano, baki mia mbili thelathini na sita. Wakamwaga tena, wakaweka mia mbili. Kilele mia sita na tatu, baki mia nne sitini na sita. Chuma aligawa kila namba kwa eneo la kisanduku bila kuambiwa, na Kipimo akaziandika: kwa mkazo wa hamsini, ukinzani arubaini na moja nukta saba, kwa mia moja, themanini na nne nukta saba, kwa mia mbili, mia moja sitini na saba nukta tano.

Akatandika karatasi ya miraba, akaweka nukta tatu, akampa Chuma rula ya plastiki.

"Piga mstari upite karibu na zote kadiri unavyoweza. Pale utakapokata mhimili wa wima, huo ndio mshikamano. Ulalo wake ndiyo pembe ya msuguano."

Chuma aliweka rula. Mstari ulipita kwenye nukta na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye kona ya karatasi, pale sifuri inapokutana na sifuri. Aliitazama. Akaondoa rula, akaishika upya, akainua ncha ya kushoto hadi penye tisa. Nukta ya kwanza ikabaki chini ya rula. Akajaribu kuishusha ya kulia ili ilingane, nukta ya tatu ikaruka juu. Alihangaika nayo kama mtu anayetaka kufunga sanduku lililojaa nguo.

"Haitaki," Chuma alisema mwishowe.

"Nimepiga hesabu. Ulalo ni sifuri nukta nane tatu saba. Tanjenti ya ngapi hiyo? Digrii arubaini kasoro kidogo. Mshikamano unatoka kilopaskali sifuri nukta tatu, na hiyo ni makosa ya saa na mikono yetu. Andika sifuri. Zile namba za baki zinatoa digrii thelathini na tatu, na mshikamano sifuri vilevile. Pembe ya arubaini ni ileile niliyoipata kwenye unyevu. Msuguano haukubadilika. Kilichoondoka ni tisa peke yake."

"Imekwenda wapi?"

"Haikuwa ya mchanga. Ilikuwa ya unyevu. Maji kidogo katikati ya punje yanazivuta, zinashikana. Ukimwaga maji mengi, mvuto unakufa. Jua likiukausha pia unakufa. Ukuta wako umesimama kwa sababu haujalowa sana wala haujakauka sana."

Chuma aliweka rula chini taratibu. Alipoongea, ile sauti ya kuamrisha haikuwepo.

"Juzi, ule upande unaopigwa na jua, mchanga ulikuwa unatiririka kutoka ukingoni. Kidogo kidogo, kama unga kwenye chekeche. Nikasema ni vumbi."

"Na upande wa wodi?"

"Huko kuna mfereji wa kufulia. Wanamwaga maji ya mashuka. Tulipochimba, mfereji ulipata ufa."

Kipimo alikuwa ameshachukua mkoba wake. Chuma alipiga simu kwa nyapara wake wakiwa mlangoni, na aliiweka kwa sauti ya juu.

"Toa watu wote shimoni."

"Bosi, tumebakiza kona moja tu."

"Kona iache. Toa watu sasa hivi. Na waambie wanaofua wasimwage maji."

"Sawa, bosi." Halafu, kwa mtu mwingine, wakaisikia sauti ya nyapara ikifanya mzaha: "Jamani pandeni, bosi ameota ndoto mbaya."

Gari la Chuma liliendeshwa vibaya njia nzima, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walipoingia nyuma ya hospitali, Kipimo aliwaona wafungaji nondo wamekaa kivulini, wakinywa maji, na pumzi ikamrudi. Aliwahesabu kwa mazoea. Ndipo alipoona kwamba wote walikuwa wakitazama shimoni.

Nyapara alikuwa chini. Alikuwa amewatoa wenzake wote kama alivyoagizwa, kisha akarudi kuchukua mashine ya kutobolea, kwa kuwa ilikuwa ya kuazima na hakutaka ilale kwenye mchanga. Alikuwa ameishika kifuani, mguu mmoja kwenye ngazi. Juu yake, upande wa wodi, mchanga ulikuwa na rangi mbili: kahawia hafifu kote, na doa jeusi lililoloa likishuka kutoka kwenye mfereji.

"Iache mashine," Chuma aliita. "Panda."

Nyapara aliinua uso, akatabasamu, akafungua mdomo kujibu.

Hakukuwa na mlio wa kutisha kama watu walivyosimulia baadaye. Doa lile lilijikunja, likakaa chini, na kila kilichokuwa juu yake kikalifuata. Ilikuwa sauti kama ya lori linalomwaga kokoto mbali. Vumbi lilipotua, ngazi haikuonekana, na nyapara alikuwa kichwa na mkono mmoja.

Chuma alikuwa tayari ukingoni. Kipimo alimshika shati kwa nguvu hadi kifungo kikakatika.

"Si hapo. Ukikanyaga hapo utammwagia mwingine. Zunguka huku. Leteni mbao, zilazeni, mtu asisimame kwenye mchanga. Chimbeni kwa mikono, anzeni kifuani apumue. Koleo hapana."

Yeye mwenyewe alikimbilia wodini. Aliwakuta wauguzi wamesimama wakitazama ufa ulioanzia dirishani kwenda kwenye kona, mpana kiasi cha kupitisha sarafu. Aliwaambia wawahamishe wazazi wote upande wa barabarani, na wafunge koki ya maji ya kufulia. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi ile aliuliza kama anaweza kumalizia kunyonyesha kwanza. Muuguzi akambeba mtoto, Kipimo akamsaidia mama kwa kumkumbatia kiunoni, wakatoka hatua kwa hatua.

Shimoni walikuwa wakichimba wamelala kifudifudi juu ya mbao. Kila nyapara alipotoa pumzi, mchanga ulijaza nafasi iliyobaki kifuani, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi. Chuma aliweka viganja vyake pande mbili za kifua kile, akavifanya kuta, huku wengine wakichota. Hakuvitoa hadi kifua kilipokuwa wazi. Alikuwa akisema neno moja, "kaka, kaka, kaka", kwa mtu aliyezoea kumwita wewe.

Walimtoa akiwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika, na mbavu kadhaa, na mguu wa kushoto ulikuwa umelala namna ambayo mguu haulali.

Watu wa mwenye mradi walikuja, wakafunga eneo, wakaunda kamati ya wahandisi watatu. Kamati ikaitaka maabara ipeleke karatasi zote za vipimo vya mchanga ule. Barua ilipofika tu, Chuma naye alifika nyumbani. Alikaa sebuleni bila kuegemea. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, na watoto walikuwa shuleni.

"Shemeji," alisema. "Zile karatasi za kwanza unazo?"

"Ninazo."

"Zile za tisa." Alikuna kiganja, kilichokuwa na magamba ya majeraha. "Nilichimba kwa tisa. Wakiona tisa, wataona nilichimba kwa hesabu, maji yakaja. Ajali. Wakiona zile nyingine, wakaona na barua yako, watasema nilionywa. Leseni itakwenda. Huenda na mimi nikaenda." Akamtazama. "Sikuombi useme uongo. Tisa uliipima mwenyewe. Ni kweli."

"Ni kweli," Kipimo alikubali. "Ni kweli ya mchanga wenye unyevu."

"Basi peleka hiyo. Hizo nyingine tulizifanya mimi na wewe tu."

Kipimo hakuwa mtu wa kusema hapana kwa wepesi, na huyu aliyemwomba hakuwahi kumwomba kitu kikubwa hivi. "Nitapeleka zote. Na nitaandika kwamba tisa niliitoa kwa simu kabla ya wakati wake, na hilo ni kosa langu, halikuwa lako."

Mama mkwe akaongea bila kuinua sauti. "Mwanangu mmoja nimemzika. Huyu unataka nimzike akiwa anatembea?"

"Mama, kamati ndiyo itakayosema tangi lijengwe vipi. Wakipewa tisa, watachimba tena wima, palepale, chini ya wodi ileile."

"Sikuulizi habari za tangi."

Chuma akainuka, akachukua kofia yake, akamwambia mama yake wasigombane kwa ajili yake, akatoka. Usiku ule hakuna aliyemaliza chakula. Asubuhi Kipimo alipanga karatasi zote kwa tarehe, za unyevu mbele, barua ya onyo katikati, za majini nyuma, akazibana na kuzipeleka kwa mkono wake.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye feni iliyokuwa ikikwaruza. Walimhoji Kipimo kwanza. Aliyaeleza yote, hata ile simu, na mhandisi mmoja akaandika kwa muda mrefu alipofika hapo. Mkuu wa maabara, aliyekaa nyuma, alitazama sakafu. Kisha wakamwita Chuma. Mwenyekiti akamuuliza alijua lini kwamba mchanga ule hauna mshikamano.

Chuma angeweza kusema alijua asubuhi ileile, akiwa maabara, dakika chache kabla ya ukuta kuanguka. Ingekuwa vigumu kumpinga. Kipimo alikunja vidole mapajani.

"Kuambiwa niliambiwa mapema," Chuma alisema. "Kwenye simu shemeji aliniambia nisubiri, nikasikia nilichotaka. Barua nayo niliipata. Niliiweka kwenye gari. Kujua kwa macho yangu, nilijua nilipoweka rula. Na kabla ya hapo niliuona mchanga ukitiririka kwenye jua. Nikauita vumbi."

Walimnyang'anya leseni. Kipimo alipewa onyo la maandishi, na akahamishiwa kwenye vipimo vya kokoto za barabara. Tangi liliamriwa kujengwa upande mwingine wa uwanja, mbali na wodi, kuta za shimo zikilazwa hadi digrii thelathini, chini ya ile thelathini na tatu ya namba za baki. Mama mkwe alihamia kwa Chuma. Hakugombana na mtu. Alikunja nguo zake, akawabusu wajukuu, akamwambia Kipimo abaki na nyumba mpaka watoto wamalize shule. Alisema hivyo kwa adabu kamili, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza Kipimo kuliko maneno yoyote.

Alikwenda kumwona nyapara wiki kadhaa zilipopita. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha dirishani, mguu umefungwa kwenye kamba na uzito. Mkewe alikuwa ametoka kununua sabuni. Kipimo alikaa, akauliza hali, akaambiwa hajambo, kwa namna ambayo wagonjwa husema hajambo.

"Bosi anakuja kila siku," nyapara alisema. "Anakaa hapo ulipokaa. Hana maneno. Wewe ndiye unayepima mchanga?"

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Kipimo alikuwa ameulizwa hilo na kamati, na alikuwa na jibu lenye tarehe. Hakulitumia.

"Nilishuku tangu siku nilipompa namba kwenye simu. Nilijua asubuhi ile."

"Kwa hiyo siku zote nilipokuwa kule chini, ulikuwa unashuku."

"Ndiyo."

Nyapara alitazama dari. Nje mtu alikuwa akivuta kitanda chenye gurudumu bovu, kikipita, kikipita, hadi kikaishia mbali.

"Sijui nikukasirikie wewe, au yeye, au ile mashine," alisema. "Nikipata wa kumkasirikia labda nitalala." Akajaribu kusogeza bega, akashindwa, jasho likamtoka. "Nisaidie nigeuke. Upande huu umechoka."

Kipimo aliweka mkono mmoja chini ya mgongo wake na mwingine chini ya paja lisiloumia, kama muuguzi alivyomwelekeza pale mlangoni, akamgeuza polepole aelekee ukutani.